Arubuni ya shamba ilipokwama kati ya Bungoma na Kitale

Mtu wa huku kwetu magharibi akikuambia kwamba anataka kununua shamba Trans Nzoia, jambo la kwanza utakalomwonya ni hatimiliki bandia. Onyo hilo lina msingi wake. Mashamba mengi ya huko yalikuwa ya walowezi, na baada ya uhuru yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, kisha yakakatwakatwa vipande na kuuzwa tena na tena, hata leo wapo watu wanaolima ardhi waliyoilipia zamani bila karatasi mkononi. Lakini ipo hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo haimo katika hatimiliki wala katika mipaka. Imo katika zile siku chache ambazo pesa za arubuni zimekwisha kutoka kwa mnunuzi na hazijafika kwa wakili. Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao siku moja mtanunua, nataka leo tuzitazame siku hizo.

Nazifahamu kwa kuwa tulizipitia. Tulikuwa wanunuzi wanne: mimi, mke wangu, ndugu yangu na shemeji yangu, ambaye alikuwa ametoka kustaafu ualimu na kupokea kiinua mgongo chake. Tulikubaliana na mzee mmoja wa upande wa Kiminini atuuzie ekari 7 kwa shilingi 1,600,000 kila ekari, jumla shilingi 11,200,000. Arubuni ilikuwa asilimia 10 kama ilivyo desturi, yaani shilingi 1,120,000, na kila mmoja wetu alitoa shilingi 280,000. Upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi, ile ambayo wengi huiita "sachi", ulikuwa umekwisha kufanywa kabla hatujagusa senti moja, na mke wa mzee alikuwa ametia sahihi ya kukubali. Tulikuwa na wakili wetu hapa Bungoma, naye muuzaji alikuwa na wake Kitale. Mkataba ulisema arubuni ilipwe katika akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu nimeona watu wenye elimu kubwa wasiojua akaunti hiyo ni kitu gani. Wakili wa Kenya hufungua akaunti za namna mbili. Moja ni yake mwenyewe, ya kulipia kodi ya ofisi na mishahara ya makarani. Nyingine ni ya pesa za watu, na kanuni za hesabu za mawakili zinamkataza kuzichanganya na zake. Kanuni hizo zinataka pia jina la akaunti hiyo ya pili liwe na neno la Kiingereza linalomaanisha mteja, yaani "Client". Kwa hiyo mnunuzi akipewa namba ya akaunti ambayo jina lake ni la wakili tu bila neno hilo, au jina la biashara nyingine kabisa, ana haki ya kuuliza, na asipojibiwa vizuri, asilipe.

Kuna neno jingine la kutazama katika mkataba. Je, wakili anaishika arubuni kwa niaba ya muuzaji, au anaishika katikati, kama mwamuzi aliyewekewa amana na pande zote mbili? Kama anaishika kwa niaba ya muuzaji, anaweza kumkabidhi mzee pesa hizo jioni ile ile, na shughuli ikivunjika mtazifuata kwa mzee, ambaye labda amekwisha kununua ng'ombe. Kama anaishika katikati, hawezi kuziachilia mpaka yale yaliyoandikwa yatimie. Wakili wetu alisisitiza neno hili la pili, na akaongeza kwamba pesa zisitoke mpaka bodi ya ardhi ikubali mauzo. Shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila ridhaa ya bodi hiyo. Maombi hupaswa kupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba ufanywe, na ridhaa isipopatikana mauzo ni batili. Sheria inampa mnunuzi haki ya kudai pesa zake kama deni. Lakini deni kwa mtu aliyekwisha kuzila pesa ni karatasi tu.

Basi, mkataba ulitiwa sahihi Kitale siku ya Jumatatu. Kabla hatujaondoka, wakili wa muuzaji alitusomea namba ya akaunti kutoka katika karatasi ya benki, nasi tukailinganisha na ile iliyochapwa ndani ya mkataba. Jioni ile, kutoka Bungoma, ndugu yangu alituma kwa simu, kwa njia ya PesaLink, shilingi 1,037 katika akaunti hiyo. Hakumwambia mtu yeyote ni kiasi gani. Jumanne asubuhi nilipiga simu kwa namba iliyoko kwenye stakabadhi tuliyopewa ofisini, nikamwomba karani atazame kama kuna kitu kidogo kilichoingia.

"Naam, Mwalimu," akasema, "kimeingia. Elfu moja na thelathini na saba."

Hila hii ni ndogo na gharama yake ni nauli ya matatu. Nguvu yake haimo katika kutuma, maana hata tapeli hupokea. Nguvu yake ni kwamba kiasi kilijulikana na sisi peke yetu, na aliyekitaja ni mtu tuliyempata kwa njia tunayoijua. Ukituma pesa za kujaribia kisha ukamwuliza yule yule aliyekuletea namba ya akaunti kama zimefika, hujajaribu kitu.

Jumanne hiyo hiyo tulikwenda benki. Hatukuweza kuandika hundi, kwa kuwa tangu Oktoba 2009 hundi za kupita shilingi milioni moja hazipitishwi katika mfumo wa kubadilishana hundi baina ya benki za Kenya. Pesa za kiasi hicho hupita katika mfumo ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2005, ambao kwenye fomu huandikwa RTGS. Katika mfumo huu benki yako na benki ya mpokeaji hulipana moja kwa moja kupitia akaunti zao zilizoko Benki Kuu, na malipo yakikamilika hayarudishwi kwa amri ya aliyetuma. Watu huambiwa kwamba pesa hufika siku ile ile, na mara nyingi hufika. Linalosahauliwa ni kwamba ulipaji baina ya benki na benki ni hatua ya katikati tu. Kabla yake benki yako lazima iridhike kuzitoa, na baada yake benki ya mpokeaji lazima iridhike kuziingiza katika akaunti iliyotajwa. Kukwama kwaweza kutokea mwanzo au mwisho, na sisi tulikwama kote kuwili.

Kukwama kwa kwanza kulikuwa hapa Bungoma. Akaunti yetu ya pamoja ilikuwa na umri wa wiki tatu. Katika wiki moja ilikuwa imepokea mafungu manne kutoka kwa watu wanne, mawili ya mkopo wa sako, moja la akiba, na moja la kiinua mgongo, kisha yote yakatakiwa kutoka kwa mkupuo mmoja kwenda kwa wakili. Meneja msaidizi alitutazama juu ya miwani yake, akasema kwa upole kwamba fomu itasubiri uhakiki. Shemeji alikasirika.

"Pesa ni zetu, jasho letu la miaka 31 darasani! Mnahakiki nini?"

Nilimwelewa shemeji, na benki niliielewa pia. Mtu anayeficha pesa za wizi au za rushwa hufanya vivyo hivyo: hufungua akaunti mpya, hukusanya vifungu kutoka pembe mbalimbali, kisha huvitoa vyote kwa pamoja kununua kitu kisichohamishika. Na akiweza kuzipitisha kwa wakili, ni bora zaidi kwake, kwa sababu akaunti ya wateja ni kama mto ulioingiwa na vijito vingi. Atakayetazama kutoka chini haoni maji haya ni ya kijito gani. Ndiyo sababu sheria ya kuzuia utakasaji wa pesa, iliyotungwa mwaka 2009, iliongezwa makali mwaka 2023, na mawakili wanaoshughulikia ununuzi wa ardhi wamewekwa pamoja na benki katika orodha ya wanaopaswa kumjua mteja wao na kueleza pesa zimetoka wapi. Februari 2024 Kenya iliwekwa katika orodha ya kijivu ya mataifa yanayochunguzwa zaidi kuhusu jambo hilo, na benki zetu zikawa na sababu zaidi ya kuuliza maswali. Mwalimu mnyofu wa Bungoma anachujwa kwa kichujio kile kile kilichowekewa wezi wakubwa. Wakati mwingine yeye ndiye anayenaswa, kwa kuwa hana mhasibu wa kumwandalia karatasi nzuri.

Tulichofanya ni kupeleka karatasi. Tulitoa nakala ya mkataba uliotiwa sahihi, matokeo ya upekuzi, taarifa za sako za wale wawili, barua ya malipo ya kiinua mgongo cha shemeji, na barua fupi yenye sahihi zetu wanne ikieleza nani ametoa kiasi gani. Jumatano alasiri akaunti yetu ilikatwa shilingi 1,120,000 pamoja na ada, tukapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba hiyo mnunuzi asiiache benki. Ndiyo itakayoziwezesha benki mbili kuzungumza juu ya malipo yale yale bila kubahatisha.

Alhamisi, wakili wa Kitale hakuona kitu. Sasa pesa hazikuwa kwetu wala kwake, na hapa ndipo moyo wa mnunuzi huanza kwenda mbio. Ukiuliza benki, karani hukujibu maneno machache. Wengi hudhani uchache huo ni dalili ya kuibiwa. Si lazima iwe hivyo, kwa sababu sheria hiyo hiyo inaikataza benki kumdokezea mtu yeyote kwamba malipo yametolewa taarifa kwa mamlaka, na karani mwangalifu huona heri aseme "yanahakikiwa" na kuishia hapo. Swali lenye faida ni jingine: je, malipo yametoka katika benki hii au bado yamo humu? Hilo wanaweza kulijibu. Tulijibiwa kwamba yalitoka Jumatano, nasi tukajua kwamba tatizo liko upande wa pili.

Usiku wa Alhamisi shemeji alipokea ujumbe wa wasapu kutoka namba asiyoijua, wenye picha ya barua. Juu palikuwa na jina la ofisi ya wakili wa Kitale, chini palikuwa na muhuri. Barua ilitaja ekari 7, ikataja shilingi 11,200,000, ikataja hata jina la mzee. Ilisema kwamba akaunti ya wateja inafanyiwa ukaguzi na ndiyo sababu arubuni yetu imezuiliwa; kwamba itarudishwa kwetu katika siku 14; na kwamba ili shamba lisiuzwe kwa mtu mwingine, tulipe arubuni nyingine kabla ya saa sita mchana Ijumaa katika akaunti nyingine iliyoandikwa hapo. Kwa vile simu za ofisi ni mbovu, ilisema barua, tujibu kwa namba hii hii.

Naomba msomaji aipime barua hiyo kama anavyoipima insha ya mwanafunzi. Yaliyo kweli ndani yake ni mengi: ekari, bei, jina, na zaidi ya yote, kwamba pesa zimekwama. Mtu aliye nje angejuaje? Rasimu ya mkataba ilikuwa imepita kwa barua pepe mara nyingi, kati ya ofisi mbili za mawakili, sisi wanne, na duka la kuchapisha karatasi mjini. Palipovuja hatukupajua mpaka leo. Kwa hiyo kujua siri za mauzo si uthibitisho wa kuwa wakili. Yaliyo ya uongo yalikuwa matatu, na yote yalikuwa ya aina moja: akaunti ilibadilika, muda ukafupishwa, na njia ya kuuliza ikafungwa. Barua ya kweli yaweza kuwa na moja kati ya hayo, maana mawakili nao hubadilisha benki. Yakikutana yote matatu, hapana shaka tena. Nalo jina la ile akaunti mpya lilikuwa la duka fulani la vifaa.

Wengine hufundisha kwamba tutazame anwani ya barua pepe, kwa kuwa matapeli huweka herufi r na n pamoja zionekane kama m. Ni vizuri kutazama, lakini tusitegemee hilo tu. Tapeli akiwa ameingia ndani ya sanduku lenyewe la barua pepe la wakili, anwani itakuwa sahihi kwa kila herufi.

Wizi wa njia ya barua pepe ulitokea Afrika Kusini, na mahakama zikauchambua. Mama mmoja alinunua nyumba Johannesburg mwaka 2019. Arubuni ya randi 500,000 aliilipa salama kwa wakala wa nyumba, ambaye alikuwa amemwonya juu ya barua pepe za uongo, naye akapiga simu kuhakikisha akaunti kabla ya kulipa. Salio la randi milioni 5.5 lilikuwa lipitie kwa kampuni ya mawakili. Barua pepe ya mawakili yenye namba ya akaunti ilinaswa njiani na namba ikabadilishwa. Mama alikwenda benki, akalipa, na pesa zikaishia kwa wezi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2023 kwamba mawakili wamlipe, kwa kuwa hawakumwonya wala kutumia njia salama ya kumpelekea namba. Mnamo Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaupindua uamuzi huo, ikisema kwamba alikuwa na njia za kujilinda, na kwamba ule uhakiki alioufanya kwa wakala angeweza kuufanya tena kwa mawakili. Binafsi naona mahakama ya kwanza ilikuwa na huruma yenye mantiki, maana mawakili ndio wenye ujuzi. Lakini mnunuzi wa Kitale anayetaka kulala usingizi asiingoje mahakama ya Kenya imwambie iko upande gani. Ukumbuke pia kwamba mama yule aliibiwa katika malipo ya pili, baada ya kufanya vizuri katika ya kwanza.

Ijumaa alfajiri shemeji na mimi tulipanda matatu Bungoma, tukabadilisha Webuye, tukapita Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale. Hatukuujibu ujumbe ule, wala hatukuipigia namba ile hata kwa kutukana, kwa sababu kujibu ni kumwambia mwizi kwamba simu hii ni hai na mwenyewe ana wasiwasi. Wakili wetu wa Bungoma alikuwa ameahidi kumpigia mwenzake saa mbili ofisi zikifunguliwa. Kama hatungeweza kusafiri, simu hiyo kutoka kwa wakili kwenda kwa wakili ingetosha, maadamu namba imetoka katika faili la zamani na si katika barua mpya. Na kwa yule asiye na wakili wake, Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha katika lsk.or.ke ambamo mtu huandika jina la wakili akaona kama ana cheti cha kufanya kazi. Cheti hicho ni cha mwaka mmoja mmoja, hivyo wakili aliyekuwa halali mwaka juzi si lazima awe halali leo. Orodha hiyo hukuambia kwamba wakili yupo. Haikuambii kwamba aliyekutumia ujumbe ndiye yeye.

Tulipoketi mbele ya meza ya wakili, shemeji alitoa simu aanze kusoma namba ya akaunti.

"La, shemeji," nikamzuia. "Wakili, tafadhali soma wewe. Sisi tutasikiliza."

Alitabasamu, akafungua faili, akasoma. Ukisoma wewe, mtu aliyechoka au mwenye haraka hujibu "ndiyo, ndiyo" bila kusikia, na kosa hupita. Akisoma yeye kutoka katika karatasi yake, nawe ukifuata kwa kidole katika mkataba wako, tarakimu moja ikitofautiana mtaisikia. Namba ilikuwa ile ile ya Jumatatu. Akaunti haikubadilishwa, hapakuwa na ukaguzi, na simu ya ofisi ililia mara mbili tukiwa pale. Aliichukua nakala ya ile barua ya uongo, akaahidi kuwaonya wateja wake wengine na kubadilisha nywila za barua pepe za ofisi. Sisi tuliupeleka ujumbe kituo cha polisi tukaandikiwa namba ya taarifa.

Kisha wakili akampigia mtu wa benki yake, akamtajia namba ya kumbukumbu, na sababu ya kukwama kwa pili ikajulikana. Karani aliyeingiza malipo katika kompyuta huko Bungoma aliandika jina la ofisi ya wakili na kuacha lile neno "Client". Kulikuwa na akaunti mbili zenye jina la ofisi hiyo, ya wakili mwenyewe na ya wateja. Namba ilisema moja, jina likasema nyingine. Benki ya Kitale ilikuwa imeziweka pesa kando ikingoja maelezo. Fauka ya hayo ilitaka wakili aeleze shughuli yenyewe, naye akapeleka mkataba na nakala za vitambulisho vyetu. Benki yetu nayo ikatuma maelezo ya kusahihisha jina. Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa tano, shilingi 1,120,000 zilionekana katika akaunti ya wateja, na stakabadhi ikaandikwa.

Je, kama shemeji angelipa katika ile akaunti ya duka? Dawa iko moja, na ni ya dakika wala si ya siku: kwenda mara moja kwenye benki uliyotumia, kuitaka iiombe benki ya pili izizuie pesa, na kupiga ripoti kwa polisi. Benki ya pili huweza kuzuia kile tu ambacho bado kimo ndani. Yule mama wa Johannesburg aliligundua jambo siku kadhaa baadaye, wakati pesa zimekwisha kuondolewa.

Limebaki suala la muda. Mkataba wetu ulisema arubuni ilipwe "wakati wa kutia sahihi", na mzee angeweza kudai kwamba kwa wiki nzima hatukulipa. Wakili wetu alikuwa amemwandikia mwenzake tangu Alhamisi, akiambatisha karatasi ya benki yenye tarehe na namba ya kumbukumbu, ili ijulikane kwamba tulitoa agizo Jumanne na kwamba kuchelewa ni kwa benki. Mzee hakulalamika. Hata hivyo, wanunuzi wengine wangefanya vyema kukiweka kifungu hicho ndani ya mkataba mapema: kwamba mnunuzi akitoa agizo kamili kwa benki katika siku fulani, hahesabiwi kuwa amekiuka kwa sababu ya uhakiki wa benki, na kwamba akaunti iliyotajwa haibadilishwi ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na pande zote mbele ya mawakili wao. Kifungu hiki cha pili kingeifanya ile barua ya usiku kuwa takataka tangu mstari wa kwanza.

Salio letu ni shilingi 10,080,000, nalo litapita njia hiyo hiyo bodi ya ardhi ikisharidhia. Tumekubaliana kwamba karatasi za sako zitapelekwa benki wiki mbili kabla, kwamba jina la akaunti litaandikwa lote bila kufupishwa, na kwamba mmoja wetu atakuwa Kitale, mbele ya wakili, akisikiliza namba ikisomwa upya, wakati wengine wako kwenye dirisha la benki Bungoma. Shemeji amejitolea kwenda Kitale.